Kamera ya Leni na Rada ya Pembeni: Zinavyoiona Barabara, na Wakati wa Kuzizima

Magari ya mtumba kutoka Japani yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa siku hizi yana vitufe ambavyo wengi wetu hatukujifunzia udereva navyo. Mtu ananunua Mazda CX-5 ya mwaka 2017, anaingia barabara kuu, na gari likifika kilomita 60 kwa saa usukani unaanza kumsukuma mkono. Au anawasha indiketa abadilishe leni, na kioo cha pembeni kinawaka taa ya njano na kulia pii-pii. Mmoja anadhani gari lina kasoro, mwingine anazima kila kitu siku ya kwanza na kusahau kabisa. Wa tatu ndiye wa kuogopwa: anaamini gari sasa linajiendesha.

Mwongozo huu unaichukua CX-5 hiyo kama mfano, kwa sababu ipo mingi barabarani na mingi ina mifumo yote miwili, wa kamera unaolinda leni na wa rada unaochunga pembeni, kisha unaipeleka safari ya Dar es Salaam hadi Iringa. Ukiwa na Toyota, Subaru au Nissan, kanuni ni zile zile, ila majina na namba zitatofautiana kidogo.

Kwanza, jua gari lako lina nini

Usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Magari mawili ya mwaka mmoja na sura moja yanaweza kutofautiana, kwa sababu Wajapani wanayauza kwa madaraja tofauti ya vifaa. Angalia mwenyewe.

Simama nje, mbele ya gari, utazame kioo cha mbele nyuma ya kile kioo kidogo cha ndani cha kutazamia nyuma. Ukiona kiboksi cheusi chenye jicho la kamera linalotazama barabara, huenda gari lina mfumo wa leni. Subaru yenye EyeSight ina macho mawili yaliyoachana, moja kushoto na jingine kulia. Kamera peke yake si ushahidi kamili, maana kwenye baadhi ya magari ni ya breki ya dharura na taa kamili tu. Ushahidi ni kitufe chenye picha ya gari kati ya mistari miwili, au herufi `LAS` kwa Mazda na `LDA` kwa Toyota. Kama skrini bado ni ya Kijapani, ingia kwenye mipangilio ya gari utafute alama hizi mbili: `車線`. Maana yake ni leni.

Mfumo wa pembeni hauna kamera ya kuonekana. Washa gari na utazame vioo vya pembeni: mara nyingi alama ndogo ya magari mawili huwaka kwa sekunde chache kisha ikazimika. Hiyo ndiyo taa ya mfumo huo wa pembeni, `BSM`. Rada zenyewe ni mbili, zimefichwa nyuma ya plastiki ya bampa la nyuma, moja kila kona. Ukiuliza fundi akakuonyesha vile viduara vinne au zaidi vilivyotobolewa juu ya bampa, hizo ni sensa za kuegesha gari, ni kitu kingine.

Tofauti hiyo ya kamera mbele na rada nyuma ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mfumo wa leni hutazama rangi iliyopakwa barabarani, na huo wa pembeni husikiliza mwangwi wa vitu vinavyotembea. Kinachouchanganya mmoja hakiugusi mwingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kuizima pamoja au kuiwasha pamoja.

Kamera inaona nini

Kamera haijui barabara ni nini. Inachotafuta ni mabadiliko ya mwanga: lami nyeusi, kisha ghafla weupe, kisha lami tena, na mkanda huo wa weupe uwe na upana wa mstari wa barabara na uendelee kwenda mbele. Ikipata mikanda miwili ya namna hiyo, kushoto na kulia, inayokaribiana kadiri inavyokwenda mbali, inasema: hii ni leni.

Kisha inabidi ijue gari liko umbali gani kutoka kila mstari. Kamera ya jicho moja inafanya hivyo kwa hesabu ya pembe. Kiwandani iliambiwa iko urefu gani kutoka chini na imeinama kiasi gani. Kitu kilicho chini kwenye picha kiko karibu, kilicho juu kiko mbali, na kwa kujua urefu wake inakadiria mita. Hesabu hiyo inadhani barabara ni tambarare. Ndiyo maana ukipanda tuta au ukifika kileleni mwa mlima, mistari inaweza kupotea kwenye dashibodi kwa muda mfupi kisha ikarudi. Hilo ni kawaida, usilipelekee gereji.

Kwenye CX-5 utaona mchoro mdogo wa leni kwenye dashibodi. Mistari ikiwa mitupu, kamera inatafuta. Ikijaa weupe, imeipata na iko tayari. Jizoeze kuutupia jicho mchoro huo, kwa sababu unakueleza kama mfumo unafanya kazi sasa hivi. Kitufe kuwa kimewashwa hakumaanishi kwamba kamera inaona kitu.

Barabara zetu zinaipa kamera hii kazi ngumu. Rangi iliyochakaa inaeleweka: hakuna mstari, hakuna mfumo, basi, na hatari ni ndogo. Hatari kubwa iko pale kamera inapoona mstari ambao sio. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni nyufa za lami zilizozibwa kwa lami laini: jua la asubuhi au la jioni likizipiga, zinang'aa kama rangi mpya. La pili ni mistari ya zamani iliyokwanguliwa wakati wa matengenezo, halafu mipya ikachorwa pembeni yake, na kwa kamera yote ni mistari. La tatu ni ukingo wa lami ulioliwa na mvua, ambapo vumbi jeupe la bega la barabara linakutana na lami nyeusi kwa mstari unaopinda-pinda. Hapo gari linaweza kufuata ukingo kama ule mstari wa pembeni.

Usiku wa mvua una tabu yake. Lami yenye maji inarudisha mwanga wa taa za anayekuja, na weupe wa mstari unamezwa. Usishangae mchoro ukibaki mtupu kwa kilomita nyingi.

Usukani unasukumwa na nani

Usukani wa gari hili unasaidiwa na mota ya umeme, ile ile inayoufanya uwe mwepesi unapoegesha. Kompyuta ya leni inaiazima mota hiyo. Gari likianza kuukaribia mstari bila indiketa, mota inasukuma kidogo kurudisha katikati. Magari mengine hayasukumi kabisa, yanatetemesha usukani au kulia tu.

Nguvu yake imewekewa kikomo makusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 79, inayosimamia mifumo ya usukani, inataka dereva aweze kuushinda msaada huo kwa nguvu isiyozidi newtoni 50, ambayo ni kama kuinua mzigo wa kilo 5. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema gari "lilimng'ang'ania usukani" likamtoa barabarani, uliza zaidi. Ukiwa umeshika kwa mikono miwili unaushinda bila shida. Shida ni mtu aliyeweka kiganja kimoja juu ya usukani huku akitazama simu, kwa sababu msukumo mdogo wakati hujajiandaa unatosha kukushtua.

Mambo manne humfanya msaidizi huyu anyamaze mwenyewe: mwendo ukishuka chini ya kiwango chake (karibu kilomita 60 kwa saa kwenye CX-5, karibu 50 kwenye Toyota za miaka hiyo), ukiwasha indiketa, ukikata kona kali, au ukigeuza usukani, kubonyeza mafuta au kukanyaga breki kwa nguvu. Hilo la mwisho limewekwa ili ukikwepa mtoto au ng'ombe usipambane na mashine. Na ukiondoa mikono kabisa, sensa ya nguvu iliyo kwenye nguzo ya usukani haisikii uzito wa mikono yako, kisha gari linakukaripia na mwishowe linaacha kusaidia.

Rada ya pembeni husikiliza kasi

Rada kwenye magari mengi ya umri huu hutumia mawimbi ya gigahezi 24. Mapya yamehamia kati ya 76 na 81. Wimbi linatoka, linagonga bati la gari lingine, linarudi. Muda linaotumia unaonyesha umbali. Mabadiliko ya mawimbi yanaporudi yanaonyesha kasi, na kasi ndiyo inayofanya mfumo huu ufae.

Uko kwenye kilomita 80 kwa saa. Ukuta, nguzo na gari lililoegeshwa vyote vinaonekana kwa rada vikirudi nyuma kwa kilomita 80, sawasawa na mwendo wako. Kompyuta inajua hivyo vimesimama, inavitupa. Gari linalokuja upande wa pili linapita kwa kasi kubwa zaidi, nalo linatupwa. Linalobaki ni gari linalokwenda upande mmoja nawe, kwa kasi inayokaribia yako au kuizidi, likiwa kwenye leni ya jirani. Hilo linawasha taa kioo cha upande wake. Ukiwasha indiketa kuelekea huko, taa inawaka na kuzimika mfululizo na mlio unaanza.

Eneo linalolindwa si kubwa kama watu wanavyodhani. Kwa upana ni leni moja ya jirani, kiasi cha mita 3 hadi 3.5 kutoka ubavuni mwako. Kwa urefu linaanzia karibu na mlango wako, ambako kioo hakifiki, na kurudi mita chache nyuma ya bampa. Kwa magari yanayokuja kwa kasi linafika mbali zaidi, mita 50 au 60. Chukua basi linalokuja na kilomita 100 wewe ukiwa na 80. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu kila sekunde, kwa hiyo basi linatumia kama sekunde 9 kuzimaliza mita 50. Huo ni muda wa kutosha kuacha wazo la kuhama leni.

Sasa jambo ambalo kila dereva wa Dar, Nairobi na Kampala anapaswa kulijua. Vitabu vya magari haya vinaandika wazi kwamba pikipiki ndogo, baiskeli na watembea kwa miguu wanaweza wasionekane. Pikipiki ina bati dogo la kurudisha mwangwi, na ikipenya katikati ya foleni inakaa karibu sana na ubavu wako au nyuma yako kabisa, mahali ambapo rada haikupangiwa kutazama. Kwa hiyo taa ya kioo kutowaka maana yake ni kwamba rada haijaona gari. Haisemi lolote kuhusu bodaboda. Geuza shingo.

Kabla hujaiamini: ukaguzi wa nusu saa

Gari la mtumba lina historia usiyoijua, na mengi tunayoyafanya hapa nyumbani yanaharibu macho yake bila taa ya hitilafu kuwaka. Nenda kwa mpangilio huu.

Anza na kioo cha mbele. Mbele ya kamera pasiwe na stika yoyote, ya bima, ya ukaguzi wala ya nenda kwa usalama, na ule ukanda wa giza wanaoubandika juu ya kioo usishuke hadi kwenye jicho. Tafuta ufa au alama ya jiwe hapo hapo. Kisha soma nembo ya kioo pembeni chini. Kama inatofautiana na ya vioo vya milangoni, kioo kimebadilishwa, na swali linalofuata ni kama kamera ilipimwa upya.

Kwa nini kupima upya kuna uzito? Piga hesabu. CX-5 ina upana wa mita 1.84. Ikiwa katikati ya leni ya mita 3.25, inabakiza kama sentimita 70 kila upande. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu kwenda kando, jambo lisiloonekana kwa macho, basi kwenye umbali wa mita 30 inakosea kwa sentimita 52. Karibu nafasi yote ya upande mmoja imekwisha kwenye hesabu zake. Gari kama hilo litakusukuma ukiwa katikati, na litanyamaza ukiwa unakanyaga mstari.

Hapo hapo ingiza suala la kunyanyua gari. Wengi huweka spesa juu ya springi ili kuvuka matuta. Zikiwekwa mbele peke yake, pua inapanda na kamera inatazama juu kuliko ilivyoambiwa. Zikiwekwa mbele na nyuma sawasawa, pembe haibadiliki sana lakini urefu wa kamera umebadilika. Vyote viwili vinavuruga makadirio ya mita. Baada ya spesa, au baada ya kupimiwa alaimenti na fundi aliyeuacha usukani umekaa upande, mfumo wa leni unahitaji kupimwa tena. Kipimo chenyewe kinafanywa kwa kompyuta ya uchunguzi pamoja na ubao wenye alama uliowekwa mbele ya gari kwa umbali uliopangwa, au kwa kuliendesha gari kwenye barabara yenye mistari mizuri huku kompyuta ikijisahihisha, kutegemea kampuni. Fundi anayesema "itajirekebisha yenyewe" bila kuunganisha chochote, mwombe akuonyeshe maelekezo ya kiwanda.

Nenda nyuma. Gonga kona za bampa kwa kidole. Plastiki inatoa sauti nyepesi. Sehemu iliyojazwa puti inatoa sauti nzito. Puti nene na rangi iliyorudiwa-rudiwa vinafifisha mawimbi, hasa rangi zenye chembe za chuma. Tazama kama bampa limekaa sawa pande zote mbili, kwa sababu gari lililogongwa kona linaweza kuwa na kishikio cha rada kilichopinda ndani ingawa nje limepakwa rangi likapendeza. Bampa la chuma la kuongezea, kishikio cha baiskeli na stika kubwa ya kona navyo ni vizuizi. Tope pia, lakini tope linaoshwa.

Mwisho, jaribu barabarani, mchana, barabara ya leni mbili au zaidi kwenda upande mmoja, na mwenzako akiwa kiti cha abiria. Kaa leni ya kushoto kwa mwendo wa wastani, uache gari likupite kulia. Taa ya kioo cha kulia iwake kabla gari hilo halijapotea kwenye kioo cha ndani au muda huo huo, na izimike likishakutangulia. Hamia leni ya kulia, uache gari likupite kwa kushoto au litambae nawe sambamba, ulinganishe. Upande mmoja ukichelewa kuliko mwingine, au ukiwaka wakati hakuna gari, tatizo liko kona hiyo ya bampa. Mwenzako ndiye atazame taa. Kazi yako ni barabara. Usijisumbue kujaribu nyumbani kwa kuegesha kando ya ukuta: ukuta umesimama na unatupwa, na mfumo wenyewe hauanzi kazi mpaka gari litembee, mara nyingi kuanzia kati ya kilomita 10 na 20 kwa saa.

Kwa mfumo wa leni, tafuta kipande kilichonyooka chenye mistari mipya. Shika usukani kwa mikono yote, bila kukaza, ukae katikati. Gari lisikusukume. Sogea polepole kuelekea mstari wa kushoto, kisha wa kulia, bila indiketa na bila gari jirani. Onyo lije kwa umbali unaofanana pande zote mbili. Likija mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, kamera imepinda.

Dar hadi Iringa: wapi uache, wapi uzime

Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa ya leni nane, kilomita 19.2. Hapa acha vyote viwili vikiwa vimewashwa. Magari yanahama leni ovyo na madereva wengi hawatumii indiketa. Rada inafanya kazi iliyotengenezewa. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS ya Marekani ililinganisha magari yenye mfumo wa pembeni na yasiyo nao, ikakuta ajali za kubadilisha leni zilizoripotiwa polisi zikiwa pungufu kwa asilimia 14. Ni faida ya wastani, na haikugharimu chochote. Ila pale magari yanapobanana na pikipiki zinapita kila upenyo, mlio unaweza kukuchosha mpaka ukaacha kuusikiliza. Suluhisho zuri ni kuingia kwenye mipangilio ukapunguza sauti au kuiondoa, ukaiacha taa. Kuzima mfumo wote kwa sababu ya kero ya foleni ya dakika arobaini, kisha kuusahau ukiwa umezimwa hadi Morogoro, ndiyo njia wengi wanayochukua, nami naiona ni hasara.

Baada ya Kibaha mambo yanageuka. Kuelekea Chalinze na Morogoro unakutana na barabara ya njia mbili zinazopishana, malori ya kwenda Tunduma, na mabasi yenye haraka. Rada iache iwake. Mfumo wa leni ndio wa kufikiria, kwa sababu hapa dereva mzuri anavuka mstari mara kwa mara kwa sababu halali: anakwepa shimo, anampisha mtembea kwa miguu, anasogea bega la barabara kwa kuwa basi linalokuja limeovateki na linahitaji nafasi. Kila mara hiyo, kamera inaona gari linaacha leni bila indiketa, na inasukuma kurudi. Kurudi wapi? Kwenye shimo, au kwa basi. Newtoni 50 unazishinda, ndiyo, lakini katika sekunde ile hutaki kushindana na chochote.

Kuna wanaoshauri uwashe indiketa kila ukikwepa, ili mfumo unyamaze. Kwenye barabara hii sikubaliani nao. Dereva wa lori nyuma yako anaisoma indiketa kwa lugha ya barabara kuu: ya kushoto inamwambia njia ni nyeupe, pita, ya kulia inamwambia subiri, kuna gari linakuja. Ukiwasha ya kushoto kwa ajili ya kuituliza kamera tu, unaweza kuwa umemruhusu mtu aingie uso kwa uso na basi. Indiketa ni ya kuzungumza na wenzako, usiitumie kuzungumza na kompyuta.

Kwa hiyo, kuanzia Kibaha mchana, mimi ningezima msukumo wa usukani na kuacha onyo la mtetemo au mlio, kama gari linaruhusu kutenganisha. CX-5 nyingi zinaruhusu kupitia mipangilio ya skrini, pamoja na kuchagua onyo lije mapema au lichelewe. Usiku, ukiwa na uchovu, kwenye kipande chenye mistari mipya, rudisha msukumo. Hapo ndipo mtu anapoteleza nje ya barabara bila kujua, na hapo ndipo mfumo huu unalipa.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna matuta na wanyama wanaovuka. Mwendo ukiwa chini ya kiwango cha mfumo wa leni, umejizima, huna la kufanya. Usitegemee rada kukuonyesha twiga au nyati.

Mlima Kitonga ni kona kali mfululizo na malori yanayotambaa. Zima mfumo wa leni kabla hujaanza kupanda. Kwenye kona kali utajizima wenyewe, kisha utajiwasha kipande kifupi kilichonyooka, kisha utajizima tena, na usukani unaobadilika uzito katikati ya kona haufai. Rada nayo ina mipaka yake hapa. Ukilipita lori kwa tofauti kubwa ya mwendo taa inaweza isiwake kabisa, kwa kuwa inatarajia gari linalokwenda karibu sawa na wewe, na kwenye kona inaweza kulihesabu gari lililo nyuma yako kuwa liko leni ya pembeni. Iache, lakini usiihukumu kwa mlima huu.

Penye mchepuko wa matengenezo, popote utakapoukuta, zima mfumo wa leni mara tu unapoona koni za kwanza. Mistari ya zamani na mipya haipatani, na kamera haijui mkandarasi amehamisha njia.

Sababu nyingine za kuzima hazitegemei barabara. Ukivuta tela, zima vyote: tela linakaa mbele ya rada na kuwasha taa kila wakati, na gari linalovuta mzigo linayumba kwa namna ambayo kompyuta ya leni haikupangiwa. Ukiwa umefunga tairi la spea lisilo la saizi moja na mengine, zima wa leni. Vilevile baada ya kubadilisha kioo cha mbele, hadi siku ya kupimwa.

Namna ya kuzima, na namna ya kutozima

Kwenye CX-5 ya usukani wa kulia, vitufe vimepangwa chini ya dashibodi upande wa mlango wa dereva, karibu na goti. Bonyeza mara moja na uangalie taa ya dashibodi ibadilike. Kwenye Toyota nyingi kitufe cha leni kiko kwenye usukani wenyewe, na baadhi vinataka ukishikilie kidogo. Fanya hivyo gari likiwa limesimama, kisha zima injini, washa tena, uone kama hali imebaki. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo yanakumbuka ulivyoacha. Yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya chini ya sheria iliyoanza Julai 2022 kwa aina mpya za magari, msaada wa dharura wa leni unarudi kuwaka kila unapowasha gari, kwa hiyo aliyeagiza gari jipya la usukani wa kushoto kutoka huko atalazimika kubonyeza kila asubuhi.

Usikubali fundi achomoe fyuzi au waya wa kamera ili "akuondolee kelele". Kamera hiyo hiyo ndiyo inayoitumikia breki ya dharura na taa kamili za kujipunguza. Kitufe kinazima kazi moja. Fyuzi inazima zote, na inakuachia taa ya hitilafu ambayo baadaye itaficha hitilafu ya kweli. Kubandika karatasi mbele ya jicho la kamera ni kosa la aina hiyo hiyo.

Na taa ya hitilafu ikiwaka yenyewe safarini, usikimbilie gereji. Simama mahali salama, futa kioo mbele ya kamera ndani na nje, osha kona za bampa la nyuma, na kama gari lilikuwa juani muda mrefu acha kiyoyozi kiipoze sehemu ya juu ya kioo, maana kamera hujizima ikipata joto kupita kiasi. Washa upya. Ikizimika, ilikuwa tope, ukungu au joto. Ikibaki, endelea na safari bila mfumo huo, na ukifika mwambie fundi asome namba za hitilafu za kamera na za kila rada kwa kompyuta kabla hajafungua bampa.